Nilimwandikia patroni kese imepunguka, kumbe hesabu ya kwanza ilikuwa sawa. Nimwambie vipi?

Muuza Vitambaa, Lubumbashi
Ba yaya, nisaidieni. Jumamosi jioni nilifunga kese, nikapata franka 640,000. Mwenzangu akahesabu nyuma yangu, akapata 630,000. Kwa woga nikamwandikia patroni palepale kwamba 10,000 haionekani. Leo asubuhi tumehesabu wote wawili: 640,000. Pesa ililala dukani na ufunguo ninao mimi. Si atafikiri niliichukua nikairudisha usiku?

Mtoto wa Katuba
Futa ule ujumbe wa kwanza, umwandikie 640,000 basi.

Kese wa Zamani
Usifute. Ameshausoma, na ukiufuta ndiyo ataanza kukushuku. Za 1,000 mnazihesabu vipi? Na kitabu kinasema nini?

Muuza Vitambaa
Tunazifunga kumi kumi kwa lastiki. Nimetazama karatasi zetu za Jumamosi: mimi niliandika vifungu 24, yeye 23. Noti nyingine zote zinalingana. Kitabuni, asubuhi tulianza na 50,000 ya chenji, tukauza 605,000, tukalipa 15,000 ya kubeba mzigo.

Kese wa Zamani
Hamsini elfu na 605,000, toa 15,000, ni 640,000. Hapo ndipo pa kusimamia, dada. Hesabu ya leo peke yake haikutetei, maana mwenye ufunguo anaweza kuongeza noti usiku. Lakini kitabu kiliandikwa mchana, na karatasi yako ya kwanza ilikuwa tayari imelingana nacho kabla pesa haijalala. Mtumie picha ya karatasi zote mbili na ukurasa wa kitabu. Ataona tofauti iko kwenye mstari mmoja, kifungu kimoja kizima.

Mama Ruashi
Mimi nilikatwa mshahara kwa dola 20 iliyochanika pembeni, benki iliikataa. Usipokee dola mbaya!

Kapita
Kwako ni kesi nyingine, mama. Ila mimi bado nina swali: kati ya hesabu ya kwanza na ya pili, kifungu hakikuweza kutoka na kurudi?

Kese wa Zamani
Kiliweza, karatasi haiwezi kukataa hilo. Ndiyo maana asiandike «mwenzangu alikosea» kana kwamba alimwona. Aandike walichokuta.

Muuza Vitambaa
Nimetuma hivi:

«Jambo patroni. Jumamosi nilikuambia kese imepunguka 10,000. Leo saa mbili asubuhi tumehesabu tena sisi wawili: 640,000, sawa na hesabu yangu ya kwanza na sawa na kitabu. Hesabu ya pili ilikuwa na vifungu 23 vya 1,000, leo tumekuta 24. Picha ni hizi. Unisamehe kukuandikia kabla ya kutazama kitabu. Pesa bado iko kwenye kese, tunaomba uje uihesabu mwenyewe.»

Ameisoma. Bado hajajibu.