Naomba ushauri: bima ya mvua au ya hasara iliyopimwa?

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nalima mahindi ekari 3 huku Sikonge, Tabora. Msimu uliopita nilikata bima ya fahirisi ya mvua. Mvua ilikata siku 20 mahindi yakitoa mbelewele, nikaambulia magunia 9 badala ya 30. Sikulipwa: setilaiti ilionyesha jumla ya mvua ya msimu eneo letu ilivuka kiwango cha mkataba. Nilipeleka picha na barua ya afisa ugani, nikajibiwa hawaangalii shamba, wanaangalia mvua tu. Inauma.

Naomba kujua: kuna mkataba wa mvua unaopima kila hatua ya zao, hasa kuchanua? Na bima ya hasara iliyopimwa, mkaguzi hupima shamba langu au wastani wa kata?