Mteja wako mkubwa anashika asilimia ngapi ya mapato yako? Tupeane uzoefu

Mpangakurasa
Wakuu, salamu. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu na ripoti. Najitegemea, sina mwajiri. Wiki hii nimefungua daftari la mapato ya miezi 12 iliyopita nikaandika kila mteja ameniletea kiasi gani. Tukichukua wastani wa mapato yangu ya mwezi kuwa 100, wa kwanza ameleta 58, wa pili 17, wa tatu 12, wa nne 8 na wa tano 5.

Huyo wa 58 hajanikosea lolote. Analipa, ila baada ya siku 60 tangu nimpelekee ankara. Kinachoniumiza kichwa ni hiki: akiondoka kesho, nini kinatokea kwangu mwezi kwa mwezi? Walioondokewa na mteja wa namna hii naomba mtusimulie ilivyokuwa, na mlikuwa mnapimaje hatari kabla haijawafika.

Nyundo_Tovuti
Mkuu, hapo umevuka mpaka mbali sana. Kanuni za uhasibu za kimataifa zinasema mteja mmoja asizidi asilimia 10 ya mapato. Anza kumpunguza.

Mzee wa Vitabu vya Hesabu
Kijana wangu, 10 hiyo ipo, ila haisemi hivyo. Iko kwenye IFRS 8, na inahusu kampuni ambazo hisa au hati zao za mkopo zinauzwa sokoni. Kampuni ya aina hiyo ikiwa na mteja anayeleta asilimia 10 au zaidi ya mapato, inatakiwa iseme hivyo kwenye taarifa zake ili mwenye hisa ajue. Hakuna anayekatazwa kuwa na mteja mkubwa. Na kwa mtu mmoja anayejitegemea, 10 maana yake awe na wateja wasiopungua kumi wanaolingana. Wengi wetu hatuwezi kuwahudumia kumi vizuri.

Mpangakurasa, nina swali kabla sijasema zaidi. Hiyo 58 yote ni yako, au kuna unaowalipa kutokana nayo?

Sauti Nzito
Mimi kwa kila mteja nachukua asilimia 50 kabla sijaingia studio, iliyobaki nikikabidhi. Asiyetaka, tunaachana. Sijawahi kushuka chini ya hapo na sioni kwa nini wewe ukubali 17 au 8.

Mpangakurasa
Sauti Nzito, hizo si malipo ya awali kaka, ni sehemu ya mapato yangu inayotoka kwa kila mmoja. Hata hivyo uliyosema yana uhusiano, nitayarudia.

Mzee, shikamoo. Kwenye 58 kuna 12 namlipa msahihishaji anayenisaidia kazi za mteja huyo tu. Namlipa nami nikishalipwa.

Mzee wa Vitabu vya Hesabu
Marahaba. Basi toa hiyo 12 kwanza, kwa sababu inapita tu mikononi mwako. Mapato yako halisi ni 88, na mteja mkubwa anabaki na 46. Hiyo ni kama asilimia 52. Bado ni kubwa, lakini ndiyo ya kweli. Nimeona watu wakijitisha au wakijifariji kwa asilimia iliyojaa fedha za wengine.

Sasa niambie mambo mawili. Matumizi yako ya mwezi, ya nyumbani na ya kazi pamoja, bila msahihishaji, ni kiasi gani? Na tangu uanze mazungumzo na mteja mpya mpaka fedha yake ya kwanza iingie, kwa kawaida inachukua muda gani?

BintiTafsiri
Wakati tunasubiri majibu, nieleze yangu, maana mimi asilimia zilinidanganya.

Ni mfasiri. Nilikuwa na wateja saba na mkubwa wao hakufika robo ya mapato. Nilijiona niko salama kabisa. Watatu kati yao yalikuwa mashirika tofauti, anwani tofauti, kila moja na ankara yake. Halafu ndani ya msimu mmoja wote watatu wakanyamaza. Nilipouliza nikagundua kazi zote nilizokuwa nafasiri zilitoka kwenye mradi wa mfadhili mmoja, na mradi ulikuwa umefika ukomo. Kwenye daftari walikuwa watatu, kumbe mfuko ulikuwa mmoja. Nilipowajumlisha walizidi nusu ya mapato yangu.

Tangu hapo daftari langu lina safu ya ziada. Mbele ya jina la mteja naandika fedha yake inatoka wapi na nani aliyenileta kwake. Kama wawili wanategemea chanzo kimoja, nawahesabu mtu mmoja.

Nyundo_Tovuti
Nakubali kusahihishwa, Mzee. Ila kuna kipimo ninachokiamini. Chukua sehemu ya kila mteja kama desimali, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, kisha gawa 1 kwa jibu. Kinaitwa kipimo cha Herfindahl, na mamlaka za ushindani hukitumia kuona kama soko limeshikwa na kampuni chache. Kwa namba za mwanzo za Mpangakurasa, jumla ni karibu 0.39, na 1 ukigawa kwa hiyo unapata kama 2.6. Yaani una wateja watano kwa majina, lakini kwa uzito ni kama una wawili na nusu wanaolingana.

BintiTafsiri
Hicho nakipenda kwa kulinganisha mwaka huu na mwaka jana. Lakini kwangu kingesema nina wateja watano au sita hadi siku ile ya kimya. Hakijui nani ameunganishwa na nani.

Mpangakurasa
Mzee, matumizi ni 63. Mteja mpya huchukua kama miezi mitano hadi fedha kuingia. Mazungumzo na sampuli miezi miwili, kazi mwezi mmoja, na kulipwa miwili.

Mzee wa Vitabu vya Hesabu
Vizuri. Akiondoka huyo wa 46, wanaobaki wanakuletea 42. Matumizi 63. Pengo lako ni 21 kila mwezi. Hiyo 21 ndiyo namba ya kuikumbuka, kuliko 58 na 52.

Sasa angalia jinsi siku 60 zinavyogeuka pande zote mbili. Kazi ikisimama leo, bado kuna ankara za miezi miwili ambazo hajalipa. Zikiingia kwa wakati, miezi miwili ya kwanza husikii kitu, na hapo ndipo watu wengi hulala badala ya kutafuta. Pengo linaanza mwezi wa tatu. Kama ulianza kutafuta siku ile ile, unakaa na pengo mwezi wa tatu, wa nne na wa tano. Mara tatu 21 ni 63. Akiba ya mwezi mmoja wa matumizi inakuvusha, ingawa mteja mpya mara nyingi huanza na kazi ndogo, kwa hiyo pengo halizibiki lote siku ya kwanza.

Chukua hali ya pili. Mteja ameondoka kwa sababu yeye mwenyewe amefilisika au kuna mgogoro, na ankara zile haziingii. Pengo linaanza papo hapo, miezi mitano, 105. Na msahihishaji wako ameshafanya kazi ya miezi miwili, anakudai 24. Jumla 129, zaidi ya mara mbili ya hali ya kwanza. Mteja ni yule yule na asilimia ni ile ile.

Kwa hiyo pima vitu viwili kando kando: sehemu ya mapato, na sehemu ya madeni unayodai. Mteja mkubwa anayechelewa kulipa huwa na nusu ya mapato lakini anashika sehemu kubwa zaidi ya madeni. Na hapo ndipo ninapomuunga mkono Sauti Nzito. Malipo ya awali hayapunguzi utegemezi, ila yanapunguza kinachopotea mteja akianguka.

Sauti Nzito
Asante Mzee. Nilisoma swali kwa haraka.

Nami niliwahi kuwa na mteja wa karibu asilimia 70. Aliondoka kistaarabu na alilipa kila kitu. Kilichonikwamisha ni sampuli. Mkataba ulinizuia kuonyesha au hata kutaja kazi niliyomfanyia, na kwa muda mrefu nilikuwa sifanyi nyingine ya maana. Kila mteja mpya aliniomba kazi za karibuni, sina. Ilibidi nirekodi matangazo ya kubuni ili niwe na cha kusikiliziwa. Sasa kwenye mkataba wowote mkubwa naomba kifungu kinachoniruhusu kuonyesha walau kipande kifupi kikishatoka hadharani.

Kalamu ya Usiku
Dalili nilizoziona kwangu kabla hajaondoka: mtu niliyekuwa nafanya naye kazi alihamishwa, akaja mwingine akaomba nipeleke bei upya "kwa ajili ya kumbukumbu". Oda zilizokuwa za robo mwaka zikawa za mwezi. Kisha wakaomba faili za asili za kazi zote za nyuma, jambo ambalo hawakuwahi kuomba. Moja peke yake si kitu. Zilipofuatana nilianza kupiga simu kwa wateja wa zamani, na wawili walikuwa na kazi.

Nyundo_Tovuti
Ndiyo maana nasema mpunguze mapema, kataa baadhi ya kazi zake.

Kalamu ya Usiku
Ukikataa kazi yake asilimia inashuka, sawa, lakini na mfuko unashuka. Wanaobaki bado wanaleta 42 ile ile. Labda kama saa ulizookoa unazitumia kutafuta wengine, hapo sawa.

BintiTafsiri
Inategemea na saa. Mteja anayeleta nusu ya fedha lakini anakula theluthi mbili ya saa zako, kumpunguza kuna faida hata kabla hajaondoka. Mpangakurasa, umewahi kuhesabu saa zake?

Mpangakurasa
Sijahesabu, dada. Naanza mwezi huu.

Mzee, niliyoyachukua: nitamwomba alipe ndani ya siku 30, na nitaanza kumlipa msahihishaji bila kusubiri, maana hatari ile si yake kuibeba. Nafikiria pia kumwomba mteja notisi ya siku 60 iwekwe kwenye mkataba. Kuna aliyefanikiwa?

Kalamu ya Usiku
Nilikuwa nayo ya siku 30. Hawakuvunja mkataba kamwe. Waliacha tu kuleta kazi, na mkataba ukaendelea kuwepo bila kazi. Notisi ina maana pale tu mkataba unapotaja kiwango cha chini cha kazi au malipo kwa mwezi.

Mzee wa Vitabu vya Hesabu
Ni kweli. Ila ukiomba kiwango cha chini, tegemea wao waombe punguzo la bei au waombe uwape kipaumbele dhidi ya wengine. La pili ulikatae, kwa sababu linakufunga zaidi kwake. La kwanza lipigie hesabu.

Sauti Nzito
Mimi la punguzo nisingekubali pia. Mzee, punguzo la kiasi gani linafaa kwa notisi ya siku 60?

Mzee wa Vitabu vya Hesabu
Kwa Mpangakurasa, notisi yenye malipo inamsogezea pengo mbele miezi miwili, yaani thamani yake ni kama 42, na anaipata mara moja tu, mteja akiondoka. Punguzo analitoa kila mwezi. Akipunguza asilimia 5 ya 58, ni karibu 3 kwa mwezi, na ndani ya miezi 14 hivi ameshalipia yote. Kama anaamini mteja atakaa miaka, punguzo ni ghali. Kama ameshaona dalili za Kalamu, ni rahisi. Zaidi ya hapo yeye ndiye anayemjua mteja wake.