Mjadala: Lazima mtu wa pili aikague roboti kabla haijagusa hela halisi?

Swali: Roboti yangu ya kutredi imekaa demo wiki 6 bila shida, cheklisti nimejaza mwenyewe yote. Mwenzangu anakomaa nisiiwashe kwenye hela halisi mpaka mtu mwingine aikague. Ana hoja au ananichelewesha tu?

Kasuku7: Anakuchelewesha. Aliyeiandika ndo anaijua, huyo wa pili atakuja kusoma karatasi na kutia tiki afu mnajidanganya wote wawili. Weka hela kidogo, soko lenyewe litakukagua.

BiMizani: Hela kidogo naunga mkono, ila hicho kikomo cha "kidogo" kimeandikwa wapi? Kama kiko ndani ya programu hiyohiyo unayoijaribu basi siku ikikosea kuhesabu, kikomo nacho kinakosea. Ukiweka dola 100 tu kwenye akaunti na hakuna mkopo wa broka hapo sawa, kinachoweza kuungua ni hizo.

Na kwenye tiki uko sahihi nusu. Nilipewa roboti ya jamaa nikague, cheklisti ina mstari "oda isipojibiwa inatumwa tena: tayari". Nikamwambia sitaki tiki, nioneshe, akafungua hiki:

```
for i in range(3):
    oid = str(uuid.uuid4())
    if send(order, oid): break
```

Angalia hiyo `oid`, yaani namba ya oda, inazaliwa wapi, ndani ya mzunguko. Sasa oda imefika sokoni vizuri tu ila jibu limepotelea njiani, roboti inadhani haikufika, inatuma tena ikiwa na namba mpya na soko linaiona ni oda nyingine kabisa. Alitaka kununua 0.5, anaweza kujikuta na 1.5 huku programu yake inaamini ana 0.5. Demo haikuonesha hili hata siku moja kwa sababu demo ile ilikuwa inajibu papo hapo. Na mwenyewe alishausoma huo mstari mara mia, macho yake yalikuwa yanaona alichokusudia.

Fundi_Usiku: Si atoe tu hiyo `oid` aiweke juu ya `for`, imeisha? Namba ikijirudia soko linakataa.

BiMizani: Inasaidia ila haijaisha. Kuna masoko yanakataa namba iliyojirudia pale tu oda ya kwanza ikiwa bado wazi, ikishajazwa namba ileile inapokelewa tena. Kabla ya kutuma mara ya pili roboti iulize kwanza ile oda imefikia wapi. Kulijua hilo usisome tu, kwenye demo tuma oda, kata mtandao hapohapo, afu fungua ukurasa wa broka uhesabu position. Logi ya roboti usiiamini, ndo mtuhumiwa.

MamaTano: Jamani mimi hapana, sikubali kumpa mtu paswedi ya akaunti yangu eti akague, nilishampa mtu "anisaidie" nikakuta salio limehama.

Fundi_Usiku: Pole sana, ila hapa hakuna anayeomba paswedi. Mkaguzi anaangalia programu na majaribio ya demo, funguo zako unabaki nazo. Tena moja ya vitu vya kuangalia ni kama ufunguo anaotumia roboti umezimwa ruhusa ya kutoa hela.

Kasuku7: Haya, ila nioneshe mahali mtu wa pili angebadilisha kitu, sio roboti za vijana wawili.

BiMizani: Knight Capital, kampuni ya kutredi hisa, Marekani, 1 Agosti 2012. Walikuwa na seva 8, fundi akapeleka programu mpya kwenye 7, ya nane ikabaki na kipande cha zamani walichoacha kukitumia tangu 2003, na swichi ya kuwashia kitu kipya ilikuwa ndo ileile iliyokuwa inawasha hicho cha zamani. Soko likafunguka, dakika 45, hasara zaidi ya dola milioni 460. SEC, wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani, walipotoa uamuzi wao 2013 waliandika wazi kwamba hakuna fundi wa pili aliyepitia kazi ile. Kabla soko halijafunguka mfumo ulishatuma barua pepe 97 zenye kutaja kosa, hakuna aliyezifanyia kazi.

Kasuku7: Na huyo wa pili angesoma "imepelekwa: tayari" akatia tiki akaenda zake.

BiMizani: Angesoma karatasi, ndio. Angefungua seva moja moja akalinganisha mafaili, angeiona ya nane. Mkaguzi asiyegusa kitu simtetei.

Fundi_Usiku: Na sisi tulio peke yetu? Rafiki yangu wa karibu hajui hata `for` ni nini.

BiMizani: Akae pembeni akwambie "zima sasa hivi" wakati oda ziko wazi, ahesabu sekunde, aone kama zimefutwa kwa broka. Msimbo hatausoma, hilo pengo linabaki, sina dawa yake.

Muuliza swali: Nimeangalia, `oid` yangu iko juu ya `for`. Ila nimekata mtandao kama ulivyosema, roboti ilipowaka tena ikafungua position nyingine juu ya ile ya kwanza, haikuuliza kabisa kwa broka kuna nini. Huo mstari kwenye cheklisti yangu haupo.