Wamebandika jua kwenye picha yangu ya hema, sasa mimi ndiye naitwa tapeli

MpigapichaMchovu:

Wakuu, naomba mnivumilie, nina hasira za wiki nzima.

Mwezi wa 6 niliitwa na kambi moja ya mahema Serengeti ya kati, sitaitaja. Walitaka picha moja tu ya kufungulia brosha mpya: umesimama ndani ya hema, unaona kitanda kimetandikwa, taa zinawaka, zipu ya mlango iko wazi, na nje nyika imetulia jua likichomoza. Kazi nzuri, naipenda. Nikafika siku moja kabla ili nilale pale na kukagua.

Jioni hiyo nikaweka dira mlangoni. Hema linatazama nyuzi 115, yaani kusini-mashariki. Mwezi wa 6 kule jua linachomoza nyuzi 66 hivi, kaskazini-mashariki. Tofauti ni nyuzi 49. Kwa lenzi ya milimita 24 unaona nyuzi 37 kila upande wa katikati, basi. Maana yake jua lingechomoza nyuma ya ukuta wa turubai, upande wa kushoto, huko kwenye tangi la maji. Nikamwambia meneja palepale: jua lenyewe hutalipata humu mwezi huu. Ukilitaka kwenye mlango huu, niite kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Februari, wakati jua limehamia kusini. Sasa hivi nitakupa anga la mapambazuko. Akasema sawa, hakuna shida.

Asubuhi askari alikuja kunichukua saa 11, maana gizani hutembei peke yako, na nyati walikuwa wamelala karibu na jiko. Jua lilikuwa litoke kama saa 12 na dakika 40, kwa hiyo nilijua dakika zangu ni zipi. Kuanzia saa 12 na dakika 20 anga linaanza kung'aa, na kwa muda mfupi mwanga wa nje unalingana na taa za kitandani. Ukiwahi sana, nje ni jeusi. Ukichelewa, nje panakuwa peupe kama karatasi na ndani ni pango. Nilipata dakika kama 12 za maana.

Na kabla ya hapo kuna kazi ambayo hakuna anayeiona. Neti ya mlango lazima ifunguliwe kabisa, maana ukipiga kupitia matundu yake nyika yote inakuwa kama ina ukungu. Flashi nilificha mbili, moja nyuma ya kabati. Mara ya kwanza nikailekeza juu kwenye dari, na shuka zikatoka rangi ya mgonjwa wa manjano, kwa sababu turubai ni la kaki na kila mwanga unaoligusa unarudi na rangi yake. Ikabidi nitandaze shuka jeupe juu ya kabati na kulipigia mwanga hilo. Halafu karatasi ya chungwa mbele ya flashi ili ifanane na taa. Picha ikatoka tulivu, ndani joto, nje samawati na ukanda mwembamba wa waridi. Nilijipongeza.

Jua lilipotoka nikapiga nyingine za akiba, saa 12 na dakika 50 hivi, mwanga wa pembeni ukipita kwenye sakafu ya mbao ya veranda. Nikawatumia zote. Hapo ndipo nilipojiloga.

Brosha imetoka. Wamechukua ile ya akiba, wakachomeka JUA KUBWA LA CHUNGWA katikati ya mlango, limekaa juu ya kilima kama sinia. Na chini kwenye kona, herufi ndogo, jina langu.

Mwezi wa 7 mgeni kafika na brosha mkononi. Kaamka mapema, kakaa kitandani akisubiri. Jua likatokea kwenye tangi la maji. Kalalamika, kampuni iliyomleta ikalalamika, na meneja yuleyule aliyesema hakuna shida kanipigia: "Picha yako ya uongo imetuletea matatizo." Nusu ya malipo bado wameshikilia. Picha YANGU ya uongo!

FundiTurubai:

Pole mkuu. Nimejenga kambi kadhaa za namna hiyo, ngoja nikuambie kitu ambacho meneja wako hakijui. Hema kutazama kusini-mashariki mara nyingi si bahati mbaya. Tunakwepa kuelekeza mlango magharibi kwa sababu jua la saa 10 jioni likiingia ndani ya turubai, mgeni haingii mle mpaka usiku. Halafu tunafuata bonde, kwa hiyo kila hema linageuka kidogo tofauti na jirani yake. Kambi ya mahema 10 inaweza kuwa na milango inayotofautiana nyuzi 40. Ulipaswa kuzunguka yote na dira, siyo hilo ulilopewa tu. Inawezekana kulikuwa na moja linaloangalia jua la Juni.

Kuhusu kuthibitisha kwamba jua si lako, hauhitaji hata faili. Hiyo picha ina nguzo za veranda?

MpigapichaMchovu:

Zipo mbili. Na kuzunguka, ni kweli sikuzunguka. Walisema mengine yana wageni.

FundiTurubai:

Basi chukua rula. Weka kwenye kitako cha nguzo ya kwanza, fuata mstari wa kivuli chake sakafuni, kisha urefushe kwa nyuma kuelekea upeo wa macho. Fanya hivyo kwa nguzo ya pili. Mistari hiyo miwili lazima ikutane kwenye upeo, chini kabisa ya jua. Kama jua limo katikati ya mlango, vivuli vingekuja moja kwa moja kuelekea kitandani. Vyako vinakwenda wapi?

MpigapichaMchovu:

Vinakatiza kutoka kushoto kwenda kulia. Mistari inakutana nje kabisa ya ukurasa.

FundiTurubai:

Umemaliza kesi.

BintiKisima:

Samahani, hilo hema lina choo ndani au mnatoka nje usiku? Nauliza kwa sababu mama ana magoti, na mmesema kuna nyati.

KijanaWaSimu:

Mnakuza mambo. Simu yangu inapiga picha tatu kwa mpigo na kuziunganisha, ndani na nje vyote vinaonekana, sihitaji flashi wala shuka. Na jua likiwa chini huwa ni kubwa kweli, hewa inalikuza kama lenzi. Hilo jua la kwenye brosha linaweza kuwa halisi kwa ukubwa wake.

FundiTurubai:

Dogo, la kuunganisha uko sahihi nusu. Simu itakuletea ndani na nje, ila haitaondoa ule umanjano wa turubai, wala haitageuza hema. La ukubwa umekosea. Jua karibu na upeo linaonekana kubwa machoni tu, akili inakudanganya. Hewa kazi yake ni kulibonyeza kidogo kwa juu na chini, hailikuzi. Kwa lenzi ya 24 kwenye sensa kamili, jua linachukua kama sehemu moja ya 160 ya upana wa picha. Brosha ikifunguliwa kurasa mbili za A4 ni sentimita 42. Gawa mwenyewe: milimita 2 na nusu hivi, halifikii punje ya mtama. Mkuu, la kwako lina ukubwa gani?

MpigapichaMchovu:

Sentimita 3.

FundiTurubai:

Hilo limetolewa kwenye picha ya lenzi ndefu, pengine ya bara jingine.

WinoNaKaratasi:

Mimi ndiye mtu mnayemsema, yaani si huyo aliyefanya hiyo kazi, ila nasanifu brosha. Niwatetee wenzangu kidogo. Tunaletewa picha ya samawati tulivu, nzuri kwenye skrini. Mteja anaitazama dakika moja anasema haina joto, weka jua. Ukibisha anatafuta mwingine. Na hata lile jua la chungwa linalowaka kwenye skrini, likifika kwenye wino linazima, linakuwa kama kutu, ndiyo maana watu wanalikuza na kulikoleza.

Ila nina swali, na sikuulizi kwa ubaya. Flashi mbili zilizofichwa, shuka juu ya kabati, karatasi ya chungwa. Mgeni akilala mle ataona mwanga huo? Kwa nini uongo wako ni ufundi na wa mwenzangu ni utapeli?

MpigapichaMchovu:

Swali zuri, limenikosesha usingizi. Nitakiri zaidi: ile picha yangu nzuri ni mbili zilizounganishwa, na niliondoa ndoo ya plastiki iliyokuwa verandani. Kwangu mimi mstari uko hapa: mgeni akiwasha taa zake saa 12 na nusu na kufungua zipu, macho yake yataona kile nilichompa, maana jicho linahimili giza na mwanga pamoja kuliko kamera. Jua kwenye ule mlango mwezi wa 7 hataliona hata akikesha. Lakini ndoo je? Ndoo ilikuwa pale. Sina jibu la ndoo.

BintiKisima:

Jamani choo.

FundiTurubai:

Dada, mengi ya siku hizi yana choo na bafu nyuma ya kitanda, unaingia kwa pazia au zipu. Uliza kabla ya kulipa, na uliza pia ngazi za kupanda verandani ni ngapi.

Mkuu, mimi na huyu wa wino tunakubaliana jambo moja: uliwatumia picha za akiba za nini? Ungetoa ile moja iliyokamilika, wasingekuwa na kivuli cha kubandikia jua.

WinoNaKaratasi:

Hapo nakataa. Wangebandika hata kwenye ile ya samawati, na isingekuwa na vivuli vya kukuokoa.

MpigapichaMchovu:

Sikuwa nimewaza hivyo.

Jana nimewaandikia meneja na kampuni, nimeambatisha faili za RAW zote mbili, picha ya dira iliyopigwa mlangoni, na ukurasa wa brosha niliochora ile mistari ya vivuli kwa kalamu nyekundu. Nimeomba mawili: nusu iliyobaki, na jina langu litolewe kwenye ile kona. La pili wamejibu haraka, wanasema nakala zimeshachapwa ila kwenye tovuti watalifuta leo. La kwanza kimya.

KijanaWaSimu:

Na jua watalifuta?

MpigapichaMchovu:

Jua linabaki.