Wenye biashara za kupeleka mzigo kila wiki: mfumo unawakata wateja wangu ovyo, naomba ushauri

Kikapu_Kusini

Wakuu salaam. Nipo Mtwara mjini, napeleka vikapu vya mboga na matunda kila Jumamosi: Shangani, Ligula, Chuno mpaka Mikindani. Mchicha, matembele, nyanya, nazi, na matunda ya msimu. Kikapu ni 18,000. Nilimlipa fundi anitengenezee mfumo wa usajili: mteja akishajiunga, kila wiki simu yake inapokea ombi la malipo, anaweka namba ya siri, Jumamosi bajaji inafika.

Makato yamenishinda. Chukueni mteja mmoja wa Shangani. Mfumo unamwomba pesa Ijumaa saa tisa usiku, amelala, ombi linakufa. Saa kumi na mbili asubuhi linakuja jingine, analipa, meseji ya mtandao wa simu anaiona, lakini kwangu linabaki limeandikwa "Imeshindikana". Saa tatu mfumo unamwomba tena. Kwa kuogopa kukosa kikapu cha Jumamosi tarehe 7 Juni 2025, akalipa mara ya pili. 36,000 kwa kikapu kimoja!

Jioni ile ile akabonyeza "Simamisha" kwa wiki mbili, anakwenda Masasi msibani. Vikapu havikwenda kweli. Aliporudi mfumo ukamdai 36,000 za wiki alizokuwa hayupo. Mama wa watu amenipigia simu kwa upole mpaka nikaona aibu zaidi. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Kadi

Dada, achana na mambo ya namba ya siri. Waambie wateja waweke kadi ya benki, inakata yenyewe kila wiki, mtu hata hajui. Ndivyo wanavyofanya duniani kote.

Bi_Chuno

Samahani, hivi unafika Naliendele? Na kisamvu kimetwangwa au kizima?

Kikapu_Kusini

Naliendele bado, Bi. Kisamvu kinatwangwa ukisema mapema.

Msoma_Miamala

Dada Kikapu, hiyo saa tisa usiku inanionyesha mengi. Seva ya fundi wako inasoma saa za UTC, na sisi tupo mbele kwa saa tatu. Yeye ameandika saa sita usiku, kwetu inakuwa saa tisa. Mwambie aweke `Africa/Dar_es_Salaam`. Usione ni jambo dogo: hata mwisho wa kusimamisha unasogea. Anayesimamisha Ijumaa saa nane usiku, kwa mfumo wako bado ni Alhamisi.

Hata saa sita usiku yenyewe haifai. Ombi la malipo la simu linaishi muda mfupi tu na linamtaka mtu macho. Lipeleke Alhamisi saa moja jioni, watu wameshatoka kazini na simu ziko mkononi. Asiyelipa, rudia Ijumaa saa moja asubuhi. Wewe unanunua mboga saa ngapi?

Kikapu_Kusini

Ijumaa kuanzia saa nne, wakulima wakishavuna.

Msoma_Miamala

Basi saa tatu na nusu funga orodha.

Sasa yule mama. Mfumo wako unajua majibu mawili, imelipwa na imeshindikana. Kuna la tatu: haijulikani. Ombi la saa kumi na mbili halikushindikana; jibu lilichelewa kurudi, fundi akahesabu ukimya kuwa ni kukataliwa. Jibu lisiporudi, mfumo uulize kwanza kwa kampuni inayowaunganishia malipo, muamala huu umefikia wapi? Wakisema umekufa, ndipo uombe upya. Wakisema bado, subiri.

Pia kila kikapu kiwe na kumbukumbu moja, inayotokana na tarehe ya kupelekwa, siyo saa ya kuomba pesa:

```
MTW-0118-2025-06-07
```

Hiyo ni ya mteja wa 118, kikapu cha Jumamosi ile. Ukiomba mara tatu, zote zinaangukia hapo. Ikishalipwa, mfumo usikubali kuomba tena, na pesa ya pili ikipenya inasomeka kama ziada ya mteja, haipotei hewani.

Jamaa_wa_Ligula

Mimi nasema ongeza kuomba. Kila saa moja, mpaka alipe. Wa kwangu wa maji ya madumu nawapigia hivyo hivyo, wanalipa.

Msoma_Miamala

Mkuu, kurudia kunasaidia pale salio lilipokuwa halitoshi na asubuhi mtu ameingiziwa pesa. Hapo upo sahihi. Ila aliyekosea namba ya siri ukimsukumia maombi mfululizo, akikosea tena na tena huduma yake inafungwa, lawama kwa dada. Na aliyekataa kwa makusudi hataki, muache. Ukiona sababu ni salio, mtumie meseji ya kawaida yenye namba ya kulipia, alipe kwa wakati wake kabla ya saa tatu na nusu.

Mzee wa Kadi, kadi ni kweli inakata yenyewe, na kwa hoteli na ofisi ningeitumia. Lakini nayo hushindikana: inaisha muda, benki inakataa, akaunti haina kitu. Kadi iliyoripotiwa kuibwa hairudiwi hata mara moja. Na wateja wa kikapu cha 18,000 wengi wao pesa iko kwenye simu.

Kikapu_Kusini

Na hapo kwenye kusimamisha?

Msoma_Miamala

Fundi amesimamisha bajaji tu, bili zikaendelea kuzaliwa. Mteja akisimamisha, vitokee vitu viwili kwa pamoja: Jumamosi alizozitaja zisitengenezewe bili, na ombi lolote la Jumamosi hizo linalosubiri kurudiwa lifutwe. Hilo la pili husahaulika sana.

Tupige hesabu ya mama. Alisimamisha Ijumaa jioni, mboga zimeshanunuliwa, kwa hiyo kikapu cha tarehe 7 kinakwenda na kinalipiwa. Tarehe 14 na 21 hakuna kikapu, hakuna deni. Anarudi tarehe 28, na ile 18,000 ya ziada inalipia hicho. Ombi linalofuata ni Alhamisi tarehe 3 Julai, kwa kikapu cha tarehe 5. Hakudai na hadaiwi. Ila muulize kwanza, huenda anataka pesa yake irudi kwenye simu. Akitaka, gharama ya kutuma ni yako.

Jamaa_wa_Ligula

Mimi ningewaambia walipe mwezi mzima mbele. Kila Jumamosi unapunguza kwenye salio lao. Yameisha.

Kikapu_Kusini

Nimewahi kuwaza hivyo. Mtumishi wa serikali mwisho wa mwezi anaweza. Mkulima wa korosho anaweza baada ya mnada kuanzia Oktoba, huku kati kati atanicheka.

Msoma_Miamala

Wape wote chaguo, asilazimishwe mtu. Lakini salio hilo ni deni lako, siyo faida. Usilinunulie bajaji ya pili.

Bi_Chuno

Mimi nakaa na swali la mtu anayesimamisha tangu Ramadhani hadi leo. Nyanya zimepanda. Akirudi analipa bei ya zamani?

Mzee_wa_Kadi

Bei mpya, wala usimuulize.

Msoma_Miamala

Hapana, mjulishe kabla ya ombi la kwanza. Akiona kiasi kigeni kwenye simu anakataa, na wewe utasoma "Imeshindikana" bila kujua sababu.

Jamaa_wa_Ligula

Wa zamani namwachia bei ya zamani mwezi mmoja. Kila mtu na biashara yake.

Kikapu_Kusini

Fundi nimemtumia uzi huu wote. Amejibu la saa ni kazi ya leo leo, la kuuliza muamala anataka nyongeza ya pesa. Mkuu Msoma, hiyo ni haki kweli au ananipiga?

Msoma_Miamala

Inategemea mlivyokubaliana. Karatasi yenu inasema nini kuhusu malipo yaliyoshindikana?

Kikapu_Kusini

Tuliongea kwa mdomo, mkuu.