Kipimo cha kwanza wa kike, cha pili hawajaona. Niamini kipi?

MamaKijacho: Habari wakuu. Mimba ya kwanza hii. Kwa hesabu ya hedhi nilikuwa wiki 12 na siku 3 nilipopiga ultrasaundi, wakaniambia ni wa kike. Wifi akanunua magauni manne. Juzi, wiki ya 20, daktari kahangaika weee, mwisho kasema mtoto amekalia matako na kitovu kimepita katikati ya miguu, haoni. Nibaki na lile la kwanza?

Baba Mapacha: Mapigo ya moyo yalikuwa mangapi? Yakizidi 140 ni wa kike. Kwangu ilitiki.

MpimajiWaZamu: Baba Mapacha, mapigo hupanda na kushuka mtoto akicheza tu, hayasemi jinsia. MamaKijacho, cheti cha kwanza unacho? Angalia palipoandikwa CRL, yaani urefu wa mtoto toka kichwani hadi matakoni, na GA, yaani umri wa mimba.

MamaKijacho: CRL 45 mm, GA 11w2d.

MpimajiWaZamu: Hapo sasa. Kwa kipimo mtoto alikuwa wiki 11, siyo 12. Umri huo wote wana kinundu kidogo kati ya miguu, na ukubwa wake unakaribiana. Tunamtazama kwa ubavu: kikiinuka kuelekea kichwani ni wa kiume, kikilala sambamba na mgongo ni wa kike. Shida ni kwamba wiki ya 11 cha wa kiume nacho mara nyingi bado kimelala, ndiyo maana watoto wa kiume wengi huitwa wa kike. Wiki hiyo tunapatia kama mara 7 kwa 10. Kufika wiki ya 13 makosa yanapungua sana, na wiki ya 18 hadi 20, akikaa vizuri, ni nadra kukosea. Mimi nisingemwambia mtu jinsia kwa 45 mm.

Shangazi Tanga: Ungekunywa maji mengi wangeona. Kibofu kikijaa picha inatoka safi.

MpimajiWaZamu: Shangazi, maji yanasaidia mimba changa. Wiki ya 20 kibofu hakimfungui mtoto miguu. Kinachosaidia ni kutembea kidogo, kulala ubavu, kupimwa tena. Na kitovu usikichukulie poa, kikijikunja pale kinafanana na uume. Mwambie apime akiwasha rangi: kitovu kitawaka kwa sababu damu inapita.

Kijana_Mwanza: Mi natafuta wa kiume, kuna dawa?

Shangazi Tanga: Anzisha uzi wako baba.

NeemaK: Mimi wiki ya 22 niliambiwa wa kiume, kazaliwa wa kike. Sijui ilikuwa kitovu au mpimaji kachoka.

MamaKijacho: Alhamisi narudi, nitaomba hiyo rangi. Wifi nimemwambia asitoe lebo kwenye yale magauni, kanuna.