Pistoni za ekskaveta kwenye Blender: `Stretch To`, `Damped Track` au IK?

chuma_laini: Wakuu, nina mkono wa ekskaveta wenye pistoni tatu. Nataka nikizungusha mkono mkubwa, mkono mdogo na kijiko, pistoni zifuate zenyewe bila keifremu hata moja. Mnatumia ipi?

Kibonzo: `Stretch To`. Mfupa mmoja toka egemeo hili hadi lile, unarefuka na kufupika wenyewe. Kwisha kazi.

mama_rigi: Kwa hosi na springi, sawa. Kwa pistoni, chuma kitavutika kama bigijii, na fimbo itakonda kila ikirefuka. Pistoni ni vipande viwili vyenye urefu wake, kimoja kinateleza ndani ya kingine. Mfupa wa silinda uwe mtoto wa mkono mkubwa, wa fimbo uwe mtoto wa mkono mdogo, kila mmoja na `Damped Track` yake.

Ila usiielekeze mifupa hiyo miwili yenyewe kwa yenyewe. Blender itaona kila mmoja unamsubiri mwenzake; kwenye konsoli utasoma `Dependency cycle detected`, na pistoni itachelewa au kuruka. Weka kimfupa kisicho na kifungo chochote kwenye kila egemeo, kimoja mtoto wa mkono mkubwa, kingine wa mkono mdogo. Silinda itazame kile cha mbali, fimbo vivyo hivyo.

Pima pia. Silinda ya mita 1.1 na fimbo ya 1.1, ukitaka sentimita 20 zibaki ndani, maegemeo yasiachane zaidi ya mita 2. `Damped Track` haijali hilo, itaiacha fimbo itoke nje ielee hewani. Zuia mzunguko wa mkono kwa `Limit Rotation`.

chuma_laini: Mbili zimekubali. Ya kijiko haishiki kijiko moja kwa moja, kuna vyuma viwili katikati, na vinaachana.

mama_rigi: Hapo ndipo IK inapofaa. Chuma cha kwanza kianzie kwenye mkono mdogo, cha pili kiunganishwe nacho, na ncha yake ifuate kimfupa kilicho mtoto wa kijiko. `Chain Length` iwe 2. Vichore vikiwa vimepinda kidogo upande sahihi, vikinyooka kabisa vinaweza kukunjikia kinyume. Kisha pistoni itazame kiungo cha vyuma hivyo viwili. Wewe unazungusha kijiko tu.

Kibonzo: Lakini kwenye mashine halisi pistoni ndiyo inasukuma kijiko!

mama_rigi: Kweli, na ukitaka hivyo itabidi uandike draiva ya kupata pembe kutokana na urefu wa pistoni. Kwa katuni sioni faida yake.

Kibonzo: Kwa video ya mafunzo ya waendesha mitambo ipo. Mteja huuliza pistoni imetoka sentimita ngapi.

pikseli254: Mimi yangu niliipeleka Unity, mikono inatembea, pistoni zimeganda. Damped Track ni mbovu?

mama_rigi: Si mbovu, vifungo havisafiri kwenye FBX. Tengeneza nakala ya faili, chagua mifupa yote, `Bake Action`, weka tiki `Visual Keying` na `Clear Constraints`. Keifremu zitajaa, lakini hujaziweka wewe.

chuma_laini: Vyuma vya kati vimeshika. Sasa silinda ya kijiko inajizungusha kwenye mhimili wake nikiinua mkono hadi juu. Nijaribu `Locked Track`?